Udhu wa Mama na Mashine ya Presha

Mara ya pili Mama aliporudishwa nyumbani bila kufanyiwa upasuaji wa jicho, aliyelia ni mimi, si yeye. Yeye alitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu, akanishika mkono, akaniambia niache kuwakodolea wauguzi macho, kisha akauliza kama adhuhuri imeingia. Hilo la adhuhuri lilikuwa la kulisikiliza vizuri siku ile. Sikulisikiliza. Nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika masikio yangu huziba.

Mama anaitwa Mishi, ila wengi wanamwita Mwalimu. Alifundisha watoto Kurani kule Majengo, Mombasa, miaka na miaka, na Baba alipofariki nikamleta kwangu Dagoretti Corner, kwenye nyumba yangu ya ghorofani juu ya duka la rangi. Hakukaa bure hata mwezi. Majirani Waislamu waliposikia kuna mwalimu, sebule yangu ikageuka chuo cha Kurani. Viatu vya watoto vilijaa mlangoni mpaka nikirudi jioni kutoka dukani kwangu mjini, ninakouza mabuibui na mitandio, nilikuwa naviruka. Mama anaweza kuwa jikoni anakuna nazi, mtoto akavuta herufi mahali pasipovutwa, naye akamrudisha nyuma bila kusimamisha mbuzi.

Lakini macho yake yalikuwa yamefunga ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia likiwa limezidi. Alisomesha kwa alichokihifadhi kichwani. Msahafu wake mwenyewe, ule Baba aliomletea kutoka Makka, aliufungua kila asubuhi na kupitisha kidole juu ya mistari asiyoiona. Siku moja nikamwuliza, "Mama, si umehifadhi yote hayo?"

"N'mehifadhi," akasema. "Lakini nataka kuyaona."

Basi hiyo ndiyo haja tuliyokuwa nayo. Tukaenda hospitali ya macho mjini, wakampima jicho, wakasema ni kazi ya asubuhi moja tu, na lenzi mpya itamrudishia herufi zake. Kilichobaki ni presha. Mama ana presha kweli, anameza kidonge kimoja kila siku tangu enzi za Baba. Siku ya upasuaji akafungwa mkanda, mashine ikavuta pumzi, ikatoa mia moja themanini na nne juu, mia na mbili chini. Wakapima tena, ikawa vilevile. Daktari wa hapo anayeshughulikia presha, Daktari Obuya, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akatueleza kwamba presha ikiwa juu hivyo, jicho linaweza kuvuja damu ndani likiwa wazi, na jicho likivuja hivyo huenda lisione tena. Hakuna wa kubishana na hilo. Akaongeza kidonge cha pili, tukarudi nyumbani.

Nikanunua mashine ya presha siku hiyohiyo, kwa muuza dawa aliye karibu na duka langu, ile ya kufunga mkono juu ya kiwiko. Nilitaka kujua vidonge vinafanya kazi. Kila alfajiri Mama akishatoka chooni, akatawadha, akasali, alikaa kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha akivuta uradi kimyakimya. Akimaliza, namfunga mkanda kwenye mkono mtupu, mkono ukiwa juu ya meza. Jioni, tena. Na kila mara mashine ilisema mambo mazuri. Mia moja thelathini na mbili. Mia moja ishirini na nane. Mara moja mia moja thelathini na sita, siku ambayo mtoto mmoja alikuwa amemwaga wino kwenye mkeka.

Mama hakuweza kuona tarakimu zile. Nilimsomea mimi.

"Ngapi?"

"Mia moja thelathini, Mama. Chini sabini na nane."

"Kweli?"

"Wallahi."

Anasema alhamdulillahi, lakini ile "kweli" yake ilikuwa na kitu ndani. Nilijifanya sikuisikia.

Tukarudi hospitali tukiwa na furaha zetu, na huko mkanda ukasema mia moja themanini na tisa. Hiyo ndiyo siku niliyolia. Daktari Obuya akaniuliza kama Mama anameza dawa sawasawa, nikamjibu vibaya, kwamba mimi si mtoto na Mama si mtoto. Hakujibizana nami. Akaongeza kidonge cha tatu, akasema tupige simu kukiwa na lolote.

Sasa hapa ndipo ndugu yangu Mujahid anapoingia. Mujahid ni mdogo wangu, lakini ana kazi Westlands, kwenye jengo refu la vioo, na tangu aingie jengo hilo kila anachosema anakisema kama anafunga mkutano. Jumapili akaja kumwona Mama, akakuta nimetandaza mashine mezani, akaishika kwa vidole viwili.

"Afnan, hii ni toy. Dada yangu, huwezi kulinganisha hii na mashine ya hospitali."

"Imeandikwa imepimwa na kuthibitishwa."

"Kila kitu mjini kimeandikwa hivyo. Hebu nifunge mimi."

Nikamfunga. Mashine ikanguruma, ikatoa mia moja hamsini na sita juu, tisini na nane chini. Mujahid akapiga makofi.

"Umeona sasa? Mwezi jana tulipimwa kazini, nesi akanipa mia ishirini na kitu kwa themanini. Niko fit kabisa! Hii kitu inampa Mama presha yangu, halafu inanipa mimi ya Mama."

Nikamfungua mkanda. Mama alikuwa amekaa palepale, mikono mapajani, uso kwenye dirisha. Mujahid alipotoka kwenda kununua mkate, nikamfuata hadi kwenye ngazi kumwonya asimtie Mama hofu. Akapunguza sauti.

"Niambie ukweli. Unamsomea namba zenyewe? Au unampunguzia ili asihuzunike?"

Nilitamani kumsukuma ngazi zile zote. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.  Na kibaya zaidi, nilipoingia sebuleni nilijua Mama amesikia. Mlango ulikuwa wazi, na yule ni mtu anayesikia herufi moja ikivutwa kutoka jikoni.

 Jioni, nilipomsomea mia moja ishirini na mbili, hakuuliza "kweli?" Alisema, "Haya, mwanangu," kwa upole, kama unavyomjibu mtoto aliyekuletea chai ya mchanga. Hilo liliniuma kuliko lile la Mujahid.

Kisha kile kidonge cha tatu kikaanza kuonyesha makali yake. Siku ya nne au ya tano Mama alikuwa anasali alasiri, akainuka kutoka sijda, na badala ya kusimama akayumba na kushika pazia. Pazia likashuka na chuma chake. Nilimkuta amekaa juu ya mswala, chuma mapajani, anacheka kwa aibu, midomo haina damu. Nikampima. Tisini na sita juu, hamsini na nane chini.

Nilikaa sakafuni kando yake. Nikimpa dawa, ataanguka siku moja nisipokuwepo na kuvunjika nyonga. Nisipompa, hospitali watampima waone namba ya kutisha, na jicho litaendelea kuzimika. Na yote yalitegemea mashine ambayo ndugu yangu anaiita toy, na macho yangu ambayo mama yangu mwenyewe hakuyaamini. Niliogopa, nasema wazi. Nilipiga simu hospitali.

Aliyepokea alikuwa Sista Lornah, muuguzi wa chumba cha vipimo. Nilikuwa namkumbuka, mama mnene wa Kakamega mwenye kicheko kikubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuongea na daktari, akarudi.

"Daktari amesema hiyo dawa mpya simamisha kwanza, zile mbili aendelee nazo. Na kesho asubuhi mlete Mama. Halafu, dada, hiyo mashine yako pia ikuje. Usiiache nyumbani."

"Mtaipima?"

"Tutaipima kama mgonjwa," akasema, akacheka.

Tuliondoka mapema. Mama alivaa buibui lake la kutokea, akatawadha kama kawaida yake kabla ya kutoka mlangoni, tukapanda teksi. Barabara ya Ngong ilikuwa imesimama tangu kituo cha Adams, kwa hivyo tulikaa humo tukitazama nyuma ya lori moja muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mujahid alitukuta hospitalini. Alisema amekuja kwa ajili ya Mama. Mimi nilijua amekuja kuona mashine yangu ikiaibishwa.

Sista Lornah akamketisha Mama, na mara akaanza salamu, maana ndivyo alivyo.

"Shikamoo Mama! Umeamkaje? Watoto wa chuo wako aje?" Huku mkono wake unafunga mkanda na kubonyeza kitufe.

"Marahaba mwanangu, alhamdulillahi, sote tu wazima, nawe je, watoto hawajambo, na kule kwenu…"

Mkanda ulikuwa unavimba na Mama anaendelea kujibu, kwa sababu katika maisha yake yote Mama hajawahi kuiacha salamu ya mtu ikining'inia. Mashine ikatoa mia moja themanini na moja. Mujahid akanitazama. Sikumtazama.

Daktari Obuya akaingia, akaomba mashine yangu. Nilimpa kama ninayemkabidhi mtoto. Akaukagua mkanda, akauzungusha kwenye mkono wa Mama kuona kama saizi inamfaa, akasema inafaa. Kisha akamwambia Sista Lornah wapime kwa zamu, mkono uleule: yao, wasubiri kidogo, yangu, wasubiri, yao tena. Safari hii bila maongezi.

Yao, mia moja sabini na mbili. Yangu, mia moja sabini na tano. Yao, mia moja sabini na mbili.

"Mashine yako iko sawa," daktari akasema.

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi nusu dakika. Kisha nikaelewa kwamba kama mashine yangu ni nzuri na bado inasema mia moja sabini na tano, basi Mama yuko hatarini, na zile namba za nyumbani zinakuwa hadithi. Mujahid naye alielewa hivyo, nikaona anavyovuta pumzi ili aseme. Daktari akamtangulia.

"Ngojeni. Mashine ni ileile moja. Nyumbani inasema hivi, hapa inasema hivi. Kwa hivyo kilichobadilika si mashine. Ni Mama. Kuna kitu Mama anakuja nacho hapa ambacho nyumbani hana."

"Hofu," nikasema.

"Hofu ipo, wengi wakiona koti jeupe presha inaruka. Na maongezi pia, hiyo ya kwanza ilipanda kwa sababu ya salamu za Sista." Sista Lornah akajishika mdomo. "Lakini tumenyamaza, na bado iko juu sana. Mimi hofu peke yake hainitoshi."

Sista Lornah hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anaangalia miguu ya Mama. Nami nikaiangalia. Chini ya buibui, Mama alikuwa ameibana miguu, goti juu ya goti, na kisigino kimoja kinapigapiga sakafu polepole.

Akainama karibu na sikio lake. "Mama, unataka kwenda choo?"

Mama akageuza uso. "La, n'taweza."

"Lakini unataka."

Mama akalivuta buibui lake magotini. Mujahid ghafla akaona kitu cha kuvutia sana nje ya dirisha.

"Mwanangu," Mama akasema kwa sauti ndogo, si kwa Sista bali kwangu, "n'na udhu."

Hapo ndipo masikio yangu yalipozibuka. Niliona kila kitu kwa mpigo mmoja. Mama hatoki nyumbani bila udhu. Na akishatoka nao, hauvunji hovyo kwa kwenda chooni, kwa sababu vyoo vya mjini haviamini. Sakafu ina maji usiyoyajua, hakuna kopo, hakuna mahali pa kukunja mikono. Anautunza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akasali nao msikitini mjini kabla hatujarudi. Kwa hiyo kila siku ya hospitali, mara ya kwanza, ya pili, na hii, kupitia foleni ya Barabara ya Ngong na saa zote za kusubiri kwenye benchi, mama yangu alikuwa ameubana mkojo kwa ajili ya Mungu. Nyumbani nampima akishatoka chooni. Hospitali hajatoka chooni hata mara moja.

"Kibofu kikijaa presha hupanda?" nikamwuliza daktari. Nilikuwa karibu kupiga kelele.

"Hupanda, tena vizuri sana. Mtu akijibana mwili mzima unakaza, na mishipa pia. Udhu ndio nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza kwa makini, kama mtu anayepewa dawa mpya. Sista Lornah hakungoja maelezo yaishe. Akasema choo cha wafanyakazi kiko huko nyuma, kisafi, yeye mwenyewe ana ufunguo, na sinki lake lina maji moto.

"Sitaki kuwasumbua," Mama akasema.

Basi hapo nilimgeuka mama yangu mbele za watu, na silaha niliyotumia ni yake. "Mwalimu, si wewe unayewafundisha watoto sebuleni kwangu kwamba ni karaha mtu kusali huku amebanwa? Wiki jana ulimtoa mtoto kwenye safu, ukamwambia nenda kwanza, Mungu atakungoja!"

 Mama akaanza kucheka, na kwa hali aliyokuwa nayo kicheko kilikuwa hatari, akasimama haraka. "Nipeleke, nipeleke," akasema, na Sista Lornah akamshika mkono wakatokomea.

Alirudi ametawadha upya, mikono mibichi, uso umelegea. Daktari akaagiza aketi, mgongo umeegemea kiti, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza, na mtu yeyote asiseme neno. Sista Lornah akatoka kabisa chumbani, akasema yeye hajiamini. Tukakaa kimya. Mama akavuta uradi moyoni, niliona midomo ikitikisika, kisha nayo ikatulia. Daktari akabonyeza kitufe mwenyewe.

Mia moja hamsini juu. Themanini na sita chini.



"Bado iko juu kuliko ya nyumbani," Mujahid akasema, lakini taratibu sasa, anauliza kweli.

"Hiyo iliyobaki ndiyo hofu ya hapa," Daktari Obuya akasema. "Hiyo siwezi kumpeleka choo aiache. Mashine inaweka vipimo vyake ndani, si ndiyo?" Akabonyeza, akaanza kusogeza kimoja baada ya kingine, midomo yake ikihesabu. Mia moja thelathini na mbili. Mia moja ishirini na nane. Mia moja thelathini na sita. Vyote vilikuwemo, kila kimoja nilichomsomea Mama. Daktari alivitamka kwa sauti, naye Mama alikuwa amegeuza sikio, anavipokea kama anasikiliza mwanafunzi anayemaliza sura bila kosa. Sikuthubutu kumwangalia Mujahid, si kwa huruma, bali nilijua nitamtolea ulimi.

"Hizi ndizo za kweli," daktari akaendelea. "Nyumbani, mtu akipimwa vizuri asubuhi na jioni, wastani ukiwa chini ya mia thelathini na tano kwa themanini na tano, ninaridhika. Za hapa zilinifanya niongeze dawa ambayo mwili wake haukuihitaji, ndiyo maana akapata kizunguzungu. Ile ya tatu iachwe kabisa. Hata ya pili nitaipunguza, na mtaendelea kumpima mniletee. Na siku ya upasuaji, choo kwanza, kimya, ndipo apimwe. Jicho tutalifanya."

"Lini?" Mama akauliza. Ni neno lake la kwanza tangu aketi.

"Wiki ijayo, Mama. Inshallah," akasema yule Mluo, na Mama akamwombea dua hapohapo, yeye na ukoo wake wote.

Tulikuwa tunakusanya vitu vyetu, daktari akiwa bado anasogeza vipimo, mara akasita. Alikuwa amefika mahali fulani katikati.

"Na hii? Mia hamsini na sita kwa tisini na nane, Jumapili. Hii si ya Mama."

"Ni yangu," Mujahid akasema, anacheka. "Nilikuwa najaribu tu. Kazini nilipimwa niko sawa kabisa."

Kicheko kikafia njiani, maana alisikia mwenyewe alichosema. Mashine aliyoiita toy ilikuwa imetoka kuthibitishwa mbele ya macho yake.

"Ulikuwa umekasirika siku hiyo?" daktari akauliza.

"Alikuwa na mimi," nikasema.

"Basi moja haitoshi kusema kitu. Lakini nakuomba jambo. Presha ya Mama yako hapa iko juu na nyumbani iko chini. Huyo hanikoseshi usingizi. Mtu ambaye kwa nesi iko chini na nyumbani iko juu, huyo ndiye ninayemwogopa, kwa sababu kila mtu anamwambia yuko sawa. Sista akupime mkono, uone kama unahitaji mkanda mkubwa kuliko wa Mama. Kisha jipime wiki nzima, umetulia, halafu uje."

Sista Lornah akaitwa, akampima mkono kwa utepe, akakuta mkanda uleule unamtosha ingawa kwa taabu. Mujahid akaomba, kwa adabu ambayo sijaiona tangu apate kazi, kama anaweza kuja kwangu jioni kutumia mashine.

Alikuja kila jioni wiki ile. Alikaa kwenye kiti cha Mama karibu na dirisha, simu ameiacha jikoni, na Mama alimsimamia kama anavyosimamia watoto wa chuo: nyamaza, teremsha miguu, usitikise mkono. Asubuhi alijipima kwake, kwa mashine yake mwenyewe aliyoinunua. Namba hazikushuka. Daktari alimpa kidonge kimoja kidogo, akamkataza chumvi ya mezani na ile pombe ya Westlands ambayo Mama haijui na mimi sijamwambia. Sasa yuko vizuri. Alinishukuru kwa ujumbe wa simu, mfupi, lakini nimeuhifadhi.

Siku ya upasuaji tulibeba kandambili za Mama, kopo lake la plastiki la bluu na taulo. Sista Lornah akatufungulia mlango wa nyuma kabla hatujamwomba, akaweka kidole mdomoni kuonyesha kwamba leo hatasalimia. Mkanda ukasema mia moja arobaini na nne. Wakampeleka. Nilimaliza tasbihi nzima nikiwa nimekaa kwenye benchi na Mujahid kando yangu ameshika lile kopo la bluu kwa mikono miwili, akiwa ndani ya suti yake. Mama alipotoka, jicho limefunikwa, swali lake la kwanza lilikuwa atatawadhaje ikiwa maji hayaruhusiwi kufika jichoni. Nikamwambia wewe ndiye mwalimu. Akasema kweli, akajifutia pale asipoweza kuosha.

Kesho yake wakamfungua hospitalini. Alitazama dari, akatazama mikono yake, akanitazama mimi muda mrefu.

"Mbona hukuniambia kwamba umeota mvi?"

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Tulirudi nyumbani. Nilidhani atakimbilia msahafu wake, nilikuwa nimeuweka tayari kwenye marufaa, kile kibao cha kuusomea, nimeufuta vumbi. Hakuugusa kwanza. Alienda chooni, akatawadha kwa uangalifu, akasali, akaketi kwenye kiti karibu na dirisha, kisha akanyoosha mkono mtupu mezani.

"Nifunge."

Nikamfunga mkanda. Mashine ikavuta pumzi, ikaachia. Nilikuwa nimezoea, kwa hivyo nikainama kusoma, naye akaniwekea kiganja kifuani akanisukuma nyuma.

"Acha. N'tasoma mwenyewe."

Akaivuta mashine karibu, akafumba jicho la kushoto, akainamisha kichwa. Midomo yake ikatikisika kidogo kabla sauti haijatoka.

"Mia moja… ishirini… na sita." Akasogeza kidole chini. "Sabini na saba."

Akakaa anaziangalia mpaka zikazimika zenyewe. Kisha akanivuta kichwa kwa mkono uliokuwa bado na mkanda, akanibusu juu ya zile mvi.

"Zote ulin'somea kweli," akasema. "N'samehe mwanangu."

Nikamwambia hakuna cha kusamehe, na nilikuwa nasema kweli. Ndipo akaomba msahafu.